Msaada: tiketi ya kurudi ya bi mkubwa kutoka Chennai, tarehe inabidi isogezwe

Mkazi wa Kibada · Jumatano, 3:10 asubuhi

Wakuu, habari za asubuhi.

Bi mkubwa yuko Chennai kwa matibabu ya moyo, ameongozana na dada yangu. Waliondoka Dar tarehe 20 mwezi uliopita, tiketi za kwenda na kurudi, tulikata kwa wakala mmoja pale Posta. Kurudi ni Jumamosi hii tarehe 12. Jana daktari amesema hawezi kumruhusu kupanda ndege, tukadirie wiki mbili zaidi, labda tarehe 26.

Nimempigia wakala, kaniambia "hamna shida, kuna gharama kidogo", nikiuliza kidogo ni kiasi gani hasemi. Mwenye kujua hizi gharama zinapigwaje anielekeze, maana za hospitali zenyewe zimetukausha.

---

Nahodha Mstaafu · 3:25 asubuhi

Pole sana mkuu, Mungu ampe nafuu mama.

Usihangaike. Tiketi ya ndege inaishi mwaka mzima. Unalipa faini ya kubadilisha tarehe basi, unachagua siku yoyote ndani ya mwaka. Mdogo wangu alifanya hivyo akitokea Dubai, akalipa mara moja, yakaisha.

---

Chuma cha Buguruni · 3:31 asubuhi

Mimi boti ya Zanzibar nilichelewa nikaongeza hela kidogo dirishani nikapanda ya jioni. Mwambie dada yako aende mapema uwanjani siku ya safari aongee na watu wa kaunta kwa upole. Wahindi waelewa sana.

---

Kaunta ya Samora · 4:02 asubuhi

Mkazi wa Kibada, pole kwa kuuguza. Nimekaa kwenye uwakala wa tiketi miaka mingi, acha nikusaidie, ila kwanza tafadhali usifuate ushauri wa Chuma. Ndege si boti. Kwenda uwanjani siku ya safari bila kuwa umegusa tiketi ndiyo njia ya kulipa kuliko wote.

Naomba vitu viwili. Kwenye ile barua pepe ya tiketi kuna sehemu ya masharti kwa Kiingereza, iko chini kabisa, watu hawaisomi. Ibandike hapa. Pili, nitajie saa ya ndege kuondoka Chennai kama ilivyoandikwa. Jina la shirika na namba za tiketi usiweke.

---

Mkazi wa Kibada · 4:20 asubuhi

Shukrani mkuu. Hii hapa:

```
MAXIMUM STAY - 1 MONTH
CHANGES
  CHARGE USD 100.00 FOR REISSUE
  CHARGE USD 150.00 FOR NO-SHOW
  CHANGES MUST BE MADE AT LEAST
  24 HOURS PRIOR TO DEPARTURE
```

Saa ya kuondoka imeandikwa 0320, tarehe 12. Kwa hiyo nina mpaka Ijumaa, siyo?

---

Kaunta ya Samora · 4:58 asubuhi

Hapana. Una mpaka kesho Alhamisi, kabla wakala wako hajafunga ofisi. Nifuate taratibu.

Saa za kwenye tiketi siku zote ni za mji ndege inapoondokea. Hiyo 0320 ni saa tisa na dakika ishirini usiku kwa saa za Chennai, usiku wa kuamkia Jumamosi. India wametutangulia saa mbili na nusu, kwa hiyo hapa Dar itakuwa saa sita na dakika hamsini usiku. Sasa sharti linasema mabadiliko yafanyike saa 24 kabla. Ukirudi nyuma siku moja unaangukia Ijumaa saa sita na dakika hamsini usiku, yaani ule usiku ambao sisi mtaani tunauita "Alhamisi usiku". Wakala wa Posta saa hiyo amelala. Ukimwendea Ijumaa asubuhi na risiti zako, mfumo unamwonyesha umeshavuka muda, na hapo ile 150 ya kutotokea inaingia juu ya ile 100, kwa kila mtu.

Nimeona familia nyingi zikikwama hapa hapa. Wanasoma tarehe 12, wanahesabu siku, wanasahau kwamba ndege nyingi za huko huondoka alfajiri.

---

Nahodha Mstaafu · 5:06 asubuhi

Hilo la saa sawa. Lakini akiwahi si analipa dola 100 kila mtu tu? Mwaka haujaisha.

---

Kaunta ya Samora · 5:40 asubuhi

Nahodha, mwaka ni kweli upo. Ukishaanza safari, tiketi ya kawaida huhesabiwa mwaka mmoja tangu siku ile ulipoanza. Lakini ule ni ukuta wa nje. Ndani yake kila nauli ina ukuta wake, na wa huyu bwana umeandikwa mstari wa kwanza: kukaa kusizidi mwezi mmoja. Waliondoka tarehe 20, kwa hiyo kwa nauli hii lazima waanze kurudi si zaidi ya tarehe 20 mwezi huu. Mdogo wako wa Dubai bila shaka alikuwa na nauli ya miezi mingi, au alibaki ndani ya muda.

Tarehe 26 iko nje. Hivyo tiketi haiwezi kusogezwa ikiwa na nauli ileile, inabidi ihamishiwe nauli ya kukaa muda mrefu, na hapo ndipo inapozaliwa tofauti ya nauli. Zile dola 100 ni ada ya kazi ya kubadilisha. Tofauti ni kitu kingine kabisa, na mara nyingi ndiyo inayouma.

Mkazi, nenda kwa wakala leo, mwambie akufungulie nauli za njia yenu za kukaa miezi mitatu. Na mwambie atumie nauli za siku ile mlipokata tiketi, asitumie za leo. Kwa sababu safari imeshaanza na nusu imeshatumika, mashirika mengi hupiga hesabu kwa nauli za zamani. Kama mngekuwa hamjaondoka Dar, hesabu ingepigwa kwa nauli za leo. Wapo vijana kwenye kaunta hawalijui hili, au wanajua wanaona uvivu.

---

Binti Ukonga · 6:15 mchana

Samahani kuingilia. Mimi nilimuuguza baba Mumbai. Viza je? Viza ya matibabu ya mtandao ni siku 60 tangu kuingia, hao tarehe 26 bado watakuwa ndani ya muda, lakini mkisogeza tena mbele ya hapo dada yako inabidi aanze mapema kufuatilia ofisi ya wageni kule, hospitali inampa barua.

Pia barua ya daktari inasaidia sana kwenye tiketi! Sisi walitusamehe kila kitu.

---

Mkazi wa Kibada · 6:22 mchana

Dada Ukonga asante, viza ni ya mtandao kweli. Barua naagiza sasa hivi. Iandikwe nini?

---

Kaunta ya Samora · 7:05 mchana

Iwe kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali, mhuri na sahihi. Jina la mama liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, wasiandike "Mama Fulani". Itaje tarehe aliyolazwa, iseme wazi kwamba hawezi kusafiri kwa ndege tarehe 12, na iseme makadirio ya tarehe atakayokuwa fiti. Barua ya "mgonjwa yuko chini ya uangalizi wetu" haifui dafu, kwa sababu haisemi chochote kuhusu safari.

Sasa kuhusu kusamehewa, nisimvunje moyo dada Ukonga, ila mambo mawili yanachanganywa. Masharti ya usafirishaji ya mashirika mengi yanasema abiria akiugua baada ya safari kuanza, shirika linaweza kurefusha muda wa tiketi mpaka atakapoweza kusafiri, na ndugu wa karibu anayesafiri naye hufikiriwa vilevile. Huo ni muda. Ada ni hiari ya shirika, huombwa na wakati mwingine hukubaliwa. Tofauti ya nauli mara chache sana husamehewa, maana kiti cha bei ya chini kama kimeisha, kimeisha, ugonjwa haukirudishi.

Na iombwe kabla wakala hajabadilisha tiketi. Ukishalipa ndipo upeleke barua, kurudishiwa hela ni safari nyingine ndefu.

---

Binti Ukonga · 7:20 mchana

Labda kwetu viti vya bei ileile vilikuwepo basi. Sikumbuki kulipa.

---

Shaba ya Tandika · 7:44 mchana

Mimi naona mnamzungusha. Aache hizo tiketi zife, akate mpya za kurudi tu. Tiketi za njia moja kutoka India zipo za bei ya kutupa mtandaoni.

---

Kaunta ya Samora · 8:10 mchana

Hoja ya Shaba si ya kubeza, huwa naipima kila mara. Kuna wakati kweli tiketi mpya inashinda. Ila alinganishe namba kwa namba baada ya kupata hesabu ya wakala, aangalie na mizigo, maana hizo za kutupa nyingine hazina begi na mgonjwa wa moyo hatembei na kipochi.

---

Mkazi wa Kibada · 11:35 jioni

Nimerudi kutoka Posta. Hesabu niliyopewa naiweka kama ilivyo.

Nauli tuliyokata, bila kodi, ilikuwa dola 420 kila mtu, kwenda 210 na kurudi 210, klasi Q. Wakala amefungua nauli za miezi mitatu za siku tuliyokata. Kwa klasi Q ni 480, kwa sababu wanasema sharti la mwezi mmoja liko pia upande wa kwenda, hivyo pande zote mbili zinapanda. Lakini kasema tarehe 26 kwa watu wawili Q haipo, ipo M, na hapo jumla inakuwa 560. Kwa hiyo tofauti ni 140, weka 100 ya kubadilisha, 240 kila mtu. Wawili ni dola 480, atazigeuza shilingi kwa kiwango cha siku ya kulipa, halafu na ada yake ya ofisi.

Tiketi mpya ya njia moja yenye mizigo nimeona mtandaoni dola 330 kwa mtu. Kwa hiyo Shaba, samahani.

Nimeshika kichwa hapa.

---

Kaunta ya Samora · 12:10 jioni

Usishike kichwa bado. Kasema Q haipo "kwa watu wawili". Kesho muulize Q inaonyesha viti vingapi kwa mtu mmoja mmoja.

Mfumo ukiulizwa viti viwili na Q ikawa na kimoja tu, haugawi. Unawapandisha wote wawili kwenye klasi ya juu. Wakala mwenye moyo anazitenganisha nafasi zao, mmoja anamwingiza Q, mwingine M. Wanakuwa na namba mbili tofauti za nafasi, lakini ndege ni ileile na siti zinaombwa za jirani. Ubaya wake ni kwamba ndege ikifutwa mfumo unaweza kuwapeleka ndege tofauti, kwa hiyo mwambie aziunganishe kwa maandishi ndani ya nafasi zote mbili.

---

Mtaalamu wa Segerea · 1:30 usiku

Mimi nina swali tofauti. Tuseme daktari hajui tarehe kabisa. Si anaweza kumwambia wakala aachie tu nafasi ya tarehe 12, tiketi ibaki wazi, tarehe watachagua baadaye? Sisi ofisini tunafanya hivyo kila mara.

---

Kaunta ya Samora · 2:05 usiku

Ndiyo, na kwa tiketi nyingi ni jambo la akili. Ukiachia nafasi kabla ya muda kuisha, hauhesabiwi kama hukutokea, na ukiangalia tiketi upande wa kurudi unaonyesha `OPEN FOR USE`. Lakini nauli nyingine zinataka kila kitu kikamilike, tarehe mpya na malipo, kabla ya ile saa ya zamani. Mkazi amebandika sharti linalosema mabadiliko yafanyike saa 24 kabla. Je, kuachia nafasi ni "mabadiliko"? Nimeona shirika moja linakubali na jingine linakataa kwa maneno yaleyale.

---

Mtaalamu wa Segerea · 2:20 usiku

Kwetu hawajawahi kukataa. Nadhani unaogopesha watu bure.

---

Kaunta ya Samora · 2:31 usiku

Ofisi yenu hukata nauli gani? Za kampuni nyingi ni za bei ya juu zenye ruhusa zote. Za wagonjwa ni za kubana. Mimi ningeomba jibu la shirika kwa maandishi kabla ya kuachia.

---

Mkazi wa Kibada · Alhamisi, 10:50 jioni

Wakuu, nimetoka ofisini kwa wakala sasa hivi.

Barua ya hospitali ilifika asubuhi kwa simu, wakala akaituma kwa shirika kabla ya kugusa chochote. Jibu lilirudi saa nane mchana: wamemsamehe mama ile ada ya 100, tofauti ya nauli hawajaisamehe. Kwa dada wamekataa, wanasema yeye si mgonjwa.

Na Q kweli ilikuwa na kiti kimoja. Wakala mwanzoni alinikatalia kutenganisha, nikamwomba kwa ustaarabu, akafanya. Mama kaingia Q: tofauti 60 basi. Dada kaingia M: 140 na 100. Jumla dola 300 badala ya 480.

---

Nahodha Mstaafu · 11:02 jioni

Safi sana! Mimi leo nimejifunza la ukuta wa ndani.

---

Chuma cha Buguruni · 11:10 jioni

Kwa hiyo dada yako anaadhibiwa kwa kumuuguza mama yake. Haya mashirika!

---

Kaunta ya Samora · 11:25 jioni

Hiyo ya dada usiiache hivyo hivyo. Fungua masharti ya usafirishaji kwenye tovuti ya shirika lenyewe, tafuta sehemu ya muda wa tiketi na ugonjwa. Kama wanataja ndugu wa karibu anayeandamana na mgonjwa, nakili mstari huo uwaandikie. Wanaweza kujibu kwamba mstari huo unahusu muda na hauhusu ada, na kusema kweli watakuwa na hoja. Ila dola 100 inastahili barua pepe moja.

Sasa la muhimu kuliko yote. Umepewa karatasi gani? Inaonyesha namba mpya ya tiketi?

---

Mkazi wa Kibada · 11:33 jioni

Ya mama ina namba tofauti na ile ya zamani, tarakimu tatu za mwanzo ndizo zilezile. Ya dada naona tarehe 26 imeandikwa `CONFIRMED` lakini namba ya tiketi ni ileile ya mwanzo.

---

Kaunta ya Samora · 11:36 jioni

Rudi ofisini sasa hivi kabla hawajafunga.

Ya dada kiti kimehamishwa, tiketi haijatolewa upya. Hivyo ni vitu viwili. Tarakimu tatu za mwanzo ni za shirika, hizo hazibadiliki, lakini zile kumi zinazofuata lazima ziwe mpya kama kuna tofauti ya nauli iliyolipwa. Namba kubaki ileile hutokea pale ambapo klasi na nauli havijabadilika, na vya kwake vimebadilika. Akibaki hivyo, ama mfumo utakifuta kiti muda wa malipo ukipita, ama atafika uwanjani Chennai aambiwe jina lipo, tiketi hailingani.

---

Mkazi wa Kibada · 12:20 jioni

Nimemkuta anazima kompyuta. Kasema aliingiza malipo ya mmoja, ya pili "aliahirisha kidogo". Amekamilisha mbele yangu, namba mpya ninayo, nimeipiga picha nikamtumia dada, amethibitisha kwenye tovuti ya shirika.

---

Shaba ya Tandika · 12:41 jioni

Aliahirisha kidogo 😂 na hela ulishampa.

---

Binti Ukonga · 1:15 usiku

Mkazi, mama alikuwa ameombewa kiti cha magurudumu kwenye ile safari ya tarehe 12? Sisi tulipobadilisha tarehe ombi halikuhama, tulifika uwanjani hakuna. Na kwa aliyefanyiwa upasuaji wa moyo, shirika linaweza kutaka fomu yao ya afya ijazwe na daktari siku chache kabla.

---

Mkazi wa Kibada · 1:28 usiku

Alikuwa ameombewa, ndiyo. Nimeangalia sasa kwenye nafasi mpya, sioni kitu. Kesho asubuhi niko tena Posta. Hiyo fomu ya afya inatolewa na wakala au na shirika?

---

Binti Ukonga · 1:34 usiku

Ya kwetu tuliipakua kwenye tovuti ya shirika, daktari akajaza upande wake, dada wa ofisi yao ya Mumbai akaipokea. Mwambie dada yako aanze na ofisi yao ya Chennai, asisubiri ya Dar.